Mashine ya sukari ya 1,500 au ya 5,500? Piga hesabu ya stripu kwanza

*Dakitari habari. Mamangu ana miaka 63, tunaishi naye Umoja. Mwezi wa tatu aliambiwa ana sukari na pia damu iko chini, Hb 8.6. Anameza metfomini na glibenklamidi, pamoja na dawa za kuongeza damu. Sasa kliniki wamesema tununue mashine ya kupimia nyumbani. Nimezunguka kemisti za tao nikapata tatu: moja ni 1,500 lakini stripu zake 50 ni 2,800, ya pili ni 2,600 na stripu 50 ni 1,300, ya tatu ina blututhi na apu, hiyo ni 5,500 na stripu 50 ni 2,400. Kakangu yuko Katari na ndiye analipa, anataka hiyo ya blututhi ndo awe anaona namba za mama kwa simu yake. Mimi naogopa tununue alafu stripu zitushinde kwa miezi miwili, na pia naogopa ya bei ya chini isiwe inadanganya. Mama anatumia kabambe. Nichukue gani? – Binti wa Umoja*

Dadangu, wiki mbili zilizopita nilikuwa na mama mmoja hapa kaunta, anauza maembe na machungwa Marikiti, na tuliongea haya haya karibu nusu saa. Wacha nikueleze vile tulienda naye juu mengi yanamhusu mamako, alafu nitarudi kwa hiyo Hb 8.6 kwa sababu ndiyo inaweza kubadilisha jibu lote.

Aliingia jioni na aproni yake bado, akaniambia, "Dakitari nipe ile ya elfu moja mia tano, nimeiona hapo kwa kioo."

Nikamwambia, "Nitakupa mama, lakini niambie kwanza, utakuwa unapima mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Si ndo vizuri?"

Nikachukua karatasi tukaandika pamoja. Mara mbili kwa siku ni stripu 14 kwa wiki, kwa mwaka ni 728, hiyo ni paketi 15 za stripu hamsini hamsini. Za mashine ile alitaka zinauzwa 2,800, kwa hivyo ni 42,000 kwa mwaka. Akanyamaza akaangalia ile karatasi, akasema, "Kumbe ni kama uuziwe mtungi wa gesi bei ya chini alafu unajaziwa duka moja tu, bei wanaamua wao." Na ni hivyo kabisa, juu stripu za mashine moja haziingii kwa nyingine, na hata kampuni moja inaweza kuwa na mashine mbili ambazo hazitumii stripu sawa. Ukishatoka na mashine umeshachagua stripu utakazonunua miaka yote utakayoitumia.

Lakini pia nilimwambia hahitaji 14 kwa wiki. Mtu anayejidunga insulini anapima mara nyingi na ni lazima. Mtu wa tembe kama yeye, na kama mamako, akipima asubuhi na jioni kila siku anapata daftari limejaa namba ambazo hazimwambii chakula gani kilifanya nini. Kitu kinasaidia ni kupima kwa jozi: kabla ya kula, alafu masaa mawili tangu aanze kula. Jumanne anafanya hivyo na ugali wa mchana, Alhamisi na chai na mkate, Jumamosi na chakula cha jioni. Hizo ni stripu 6, ongeza 2 za asubuhi kabla hajala chochote, ni 8 kwa wiki. Kabla ya kula watu wazima wengi huambiwa wawe kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya masaa mawili chini ya 10, ingawa kwa mtu wa umri wa mamako kliniki inaweza kumlegezea kidogo, kwa hivyo uliza wao wanataka ngapi na uandike mbele ya daftari.

Nane kwa wiki ni 416 kwa mwaka. Kuna zitakazoharibika, damu haijatosha au imewekwa vibaya, na kuna siku atajihisi vibaya apime nje ya ratiba, kwa hivyo weka 450, paketi 9. Sasa tumia hiyo kwa mashine zako tatu. Ile ya 1,500 mwaka wa kwanza itawagharimu 26,700. Ile ya blututhi itakuwa 27,100. Ile ya 2,600 itakuwa 14,300. Angalia vizuri, ile ya bei ya chini kabisa na ile ya bei ya juu kabisa zinafika karibu mahali pamoja, na ya katikati inaacha zaidi ya elfu kumi na mbili mfukoni. Lanseti za kutoboa kidole sijaziweka hapo, lakini hizo utanunua na mashine yoyote.

Turudi kwa yule mama. Akaniuliza swali lako, "Na hiyo ya stripu za elfu moja mia tatu si itakuwa inadanganya?" Nikamwambia tuijaribu hapo hapo. Nikampangusa kidole na pamba ya spiriti, nikatoboa, ikasoma 13.8. Akashtuka, akasema haiwezekani, dawa amemeza na mchana alikula sukuma na kipande cha ugali. Hapo ndo nikaona mikono yake. Alikuwa amekatia wateja maembe tangu asubuhi, vidole vinanata. Nikampeleka sinki, sabuni, maji ya uvuguvugu, akakausha vizuri kabisa na tishu, tukatoboa kidole cha mkono ule mwingine. 8.1.

Hiyo 13.8 haikutoka kwa mashine. Ilitoka kwa embe, na spiriti haikuitoa, na hapo kosa lilikuwa langu, ningemwambia anawe kwanza. Tone la damu ni dogo sana, sukari kidogo tu ya tunda kwenye ngozi inatosha kulipandisha hivyo. Kwa hivyo kabla mtu hajalaumu mashine aulizwe mikono ilishika nini, na ikishaoshwa ikaushwe, juu maji yakibaki yanapunguza damu makali na namba inashuka uongo. Kwa mamako usinunue hata spiriti, nunua sabuni.

Sasa ukweli wa mashine yenyewe. Hakuna ya nyumbani inayosoma sawasawa na maabara, hata ile ya 5,500. Kuna kipimo cha kimataifa kinaitwa ISO 15197, toleo la 2013, utaona kimeandikwa kwa paketi au kwa ile karatasi ya ndani. Kinataka hivi: katika kila vipimo 100, angalau 95 viwe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara sukari ikiwa 5.6 kwenda juu, na ikiwa chini ya hapo visipishane na maabara zaidi ya 0.8. Kwa hivyo maabara ikisema 10, mashine nzuri kabisa inaweza kusema 8.5 au 11.5 na bado haijakosea. Yule mama alielewa haraka juu anaishi na mizani. Akasema, "Ni kama kilo ya sokoni, unajua inacheza kidogo, lakini haiwezi kukupa nusu." Kwa hivyo mkipima mamako ipate 8.1 alafu mrudie ipate 8.7, hizo ni namba moja, msipoteze stripu ya tatu kutafuta ukweli.

Bei ya stripu haikuambii kama imefikia hicho kipimo. Kuna za 1,300 zimefikia, na kuna za bei za kutoka kwa mtu amebeba kwa begi ambazo sizijui zilikaa wapi. Nunua kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, angalia tarehe ya kuharibika, na usikubali stripu za kuuziwa moja moja zikiwa zimefungwa kwa karatasi. Mkebe wake una dawa ya kunyonya unyevu kwa kifuniko, stripu ikikaa nje inavuta unyevu wa hewa na inaanza kusoma vitu vyake. Ukifungua mkebe andika tarehe juu na kalamu, zingine zinatakiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, zingine sita, karatasi itakuambia. Kwa 8 kwa wiki mkebe wa 50 unaisha wiki ya sita au ya saba, kwa hivyo hamtakuwa na shida hapo.

Sasa hiyo Hb, na hapa naomba usome polepole.

Stripu imetengenezwa ikifikiria damu ina seli nyekundu za kawaida. Sukari inayopimwa iko kwa yale maji ya damu, na seli nyekundu zinachukua nafasi na kuzuia zuia sukari isifike haraka kwa dawa ya stripu. Damu ikiwa chini, seli ni chache, maji ni mengi, sukari inafika kwa wingi kuliko stripu ilivyotarajia na namba inapanda juu ya ukweli. Kiasi cha hizo seli kinaitwa hematokriti, kwa majibu ya maabara na kwa karatasi ya stripu utaiona imeandikwa HCT. Kama huna jibu la HCT, zidisha Hb mara tatu utakaribia. Ya mamako mwezi wa tatu: 8.6 mara 3, kama 26.

Fungua karatasi ya kila mashine utafute HCT inayokubalika. Utakuta nyingine imeandikwa 30 hadi 55, nyingine 20 hadi 60, nyingine 10 hadi 65. Mamako akiwa 26, ile ya 30 hadi 55 haimfai, hata kama stripu ni za bure. Na kosa lenyewe linaegemea upande mbaya kwake. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mtu mzima ambaye amemeza dawa alafu akachelewa kula. Sasa sukari yake ikiwa kweli 3.6, mashine ikisukumwa juu na hiyo damu kidogo inaweza kuandika 4.5 na nyinyi mkae mkisema mama yuko sawa.

Kwa hivyo kabla ya pesa yoyote, arudie kipimo cha damu. Mwezi wa tatu ni zamani, amekuwa akimeza dawa za kuongeza damu, anaweza kuwa amefika 10.5, HCT kama 32, na hapo hata ile ya 30 hadi 55 inakubalika, ingawa yuko karibu na ukingo. Akiwa bado yuko chini ya 30, chukua mashine yenye nafasi pana hata kama stripu ni ghali kidogo, hiyo tofauti ya bei ni halali yake. Inawezekana ile yako ya 2,600 ina nafasi pana tayari, mwambie mwenye kemisti akufungulie karatasi uone na macho yako. Akikataa kufungua nenda kwingine.

Na hata mkipata mashine nzuri, mama akianza kutoka jasho bila sababu, kutetemeka, njaa ya ghafla, au kuongea vitu havieleweki, mpimeni kama mashine iko karibu, lakini msikae mkibishana na namba. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa 4 na kitu na dalili ziko, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwa maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ngojeni dakika 15, mpime tena. Ndo maana niliweka stripu za ziada kwa hesabu. Akipata nafuu ale chakula, na mpigie kliniki siku hiyo hiyo, juu glibenklamidi inakaa mwilini masaa mengi na sukari inaweza kushuka mara ya pili usiku. Akishindwa kumeza au akizimia msimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na siku ya kliniki muulize daktari kama kwa umri wake bado anafaa kuwa kwa hiyo dawa, ni swali la kawaida na hatakasirika.

Kakako namuelewa. Mtu akiwa mbali anataka kuona, ni mapenzi. Lakini blututhi inafika mita chache tu, inatoa namba kwa mashine inaipeleka kwa simu ya tachi iliyo karibu na yenye apu, alafu apu ndiyo inatuma Katari kwa intaneti. Mama ana kabambe, kwa hivyo itakuwa simu yako, na mchana ukiwa kazini hakuna kitakachoenda mpaka urudi jioni. Pia namba yenyewe ikifika peke yake, 9.6, kakako atajuaje kama ni kabla ya kula au baada? Daftari la mraba la shilingi chache linambeba mama vizuri zaidi: saa, namba, alikula nini, alimeza dawa saa ngapi. Jioni unapiga picha ukurasa unamtumia kwa Watsapu, na daktari pia atasoma hilo daftari haraka kuliko atakavyokubali kushika simu yako. Kama mama angekuwa na simu ya tachi na anajidunga insulini mara kadhaa kwa siku, ningekuambia hiyo blututhi ina kazi.

Vitu vya mashine ambavyo mimi ningelipia kwa mama wa miaka 63 ni vya kawaida tu. Skrini kubwa asome bila kutafuta miwani. Stripu inayovuta damu yenyewe kwa ncha, na inayotosheka na tone dogo, juu watu wa damu kidogo na mikono baridi hawatoi tone kubwa. Na isiwe ile ya chipu, zile za zamani ambazo kila mkebe unakuja na chipu yake, ukisahau kuibadilisha mashine inasoma na hesabu ya mkebe uliopita na namba zinaharibika bila kukuonya. Mpe mamako aishike kabla hujalipa, aingize stripu mwenyewe, yule wangu wa Marikiti alijaribu mbili na moja ilimshinda kutoa stripu kwa mkebe juu vidole vyake ni vigumu vya kazi.

Kitu kingine, kakako akiwaza aitume kutoka huko, mwambie asinunue. Inaweza kuja ikisoma mg/dL badala ya mmol/L tunayotumia hapa, mama aone 126 apige nduru na kumbe ni 7.0, unagawa kwa 18. Hiyo hesabu unaweza kumzoesha, lakini stripu zake ukikosa Nairobi mashine inakuwa pambo.

Ukishanunua, siku ya kliniki ambayo mama anatolewa damu asubuhi kabla ya kula, beba mashine. Wakishatoa damu kwa mshipa, ndani ya dakika tano, mikono ikiwa imeoshwa, mpime kidole, andika namba, ndo anywe chai. Jibu la maabara likija unalinganisha. Yule mama alichukua mashine ya stripu za 1,300, damu yake iko sawa kwa hivyo HCT haikuwa shida, na juzi alileta karatasi: maabara 8.4, mashine 9.1. Asilimia 15 ya 8.4 ni kama 1.3, kwa hivyo mashine iliruhusiwa kuanzia 7.1 mpaka 9.7, na 9.1 iko ndani. Ingekuwa 10.5 ningemwambia arudie na mkebe mpya, na ikirudia hivyo arudishe mashine, kwa hivyo risiti usitupe.

Na kabla hujaenda tao kulipa, zunguka kemisti tatu nne za hapo Umoja uulize kama wana stripu za hiyo unayotaka na wanauza ngapi. Zikipatikana tao peke yake, siku zikiisha Jumapili jioni na mama anatoka jasho hutazipata.